Badala ya Dawa na Dhamana ya Waraka: Hoja kutoka Garissa

Waraka ambao famasia ya hospitali huupeleka wodini kutangaza kwamba dawa fulani imekwisha, na kwamba nyingine imeidhinishwa mahali pake, aghalabu husomwa kama habari ya ghala tu. Nami nadai kwamba kuusoma hivyo ni kosa, kwa kuwa tangu saa ya kutiwa sahihi waraka huo hubadilisha tiba ya wagonjwa ambao mwandishi wake hajawatia machoni, na kwa hiyo dhamana yake ni sawa na ile ya daktari anayeandika dawa kitandani.

Nichukue mfano wa kala-azar, maradhi ya vimelea vinavyoenezwa na usubi, ambayo mwaka 2000 na 2001 yalizuka Wajir na Mandera, na ambayo hata leo huwaleta hospitalini Garissa watoto waliokondeana, wenye homa ya majuma na wengu uliovimba. Tiba yake ya kwanza katika Afrika ya Mashariki ni sindano mbili kila siku kwa siku 17: stibogluconeti ya sodiamu, miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili, pamoja na paromomaisini, miligramu 15 kwa kila kilo. Dawa hizi haziuzwi kila duka, na ghala kuu liko Nairobi, mwendo wa kilomita 370 hivi kwa barabara ambayo mafuriko ya Novemba 2023 yaliikata karibu na Madogo, watu wakawa wanavushwa kwa mashua.

Sasa tuseme paromomaisini imekwisha, na waraka ukaandikwa kwa sentensi moja: "Tumieni stibogluconeti peke yake." Jina la dawa ni sahihi, lakini tiba haikutajwa, maana stibogluconeti ikitolewa peke yake hutakiwa siku 30, wala si 17. Mtoto wa kilo 20 hupewa miligramu 400 kwa siku, yaani mililita 4 za dawa yenye miligramu 100 katika kila mililita; kwa siku 17 atatumia mililita 68, na kwa siku 30 mililita 120. Muuguzi asiyeambiwa hesabu hii atamtoa mtoto wodini siku ya 17 akiwa amepata tiba pungufu, na mama yake, aliyekwisha kurudi malishoni, atamleta tena baada ya miezi homa ikiwa imerejea. Mfamasia naye, asipoihesabu, atashangaa kuona upungufu wa dawa moja umezaa upungufu wa ya pili, kwani kila mgonjwa mpya sasa anakula karibu fungu la wagonjwa wawili. Fauka ya hayo, siku 13 za ziada ni siku za sumu zaidi: moyo huhitaji kupimwa, na mgonjwa anayetapika huku akilalamika maumivu makali ya tumbo apimwe kongosho kabla ya sindano ya kesho. Mjamzito na mzee hawafai kupewa badala hii hata kidogo. Hao hustahiki amfoterisini B ya liposomu.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Amfoterisini ziko mbili, na kila moja huja katika chupa ya miligramu 50: ile ya liposomu, ambayo mgonjwa wa kilo 50 hupewa miligramu 150 kwa siku, na ile ya kawaida, iliyowekwa kwa homa ya uti wa mgongo ya kuvu, ambayo haipasi kupita miligramu moja na nusu kwa kila kilo. Waraka ukisema "amfoterisini" bila kauli nyingine, na chupa tatu za ile ya kawaida zikachanganywa, mgonjwa huyo atapata maradufu ya mpaka wa juu kabisa, na moyo wake waweza kusimama. Zote mbili huchanganywa na maji ya sukari, kamwe si ya chumvi, na hilo pia liandikwe.

Wako wafamasia wanaosema kwamba waraka mrefu hausomwi. Kweli, lakini sisemi uwe mrefu; nasema uwe na jina kamili la dawa, kipimo kwa kilo, idadi ya siku, walioharamishiwa, na mtu wa kupigiwa simu usiku. Karatasi moja yatosha. Jambo ambalo aghalabu husahauliwa kabisa ni hali ya aliyekwisha kuanza: kabla dawa haijafikia ukingoni, yafaa fungu la siku 17 litengwe rafuni kwa jina la kila mgonjwa, asianzishwe mpya ambaye fungu lake halijatimia, na yule aliyekatiziwa siku ya tisa aamuliwe na daktari kitandani wala si na waraka.

Na waraka usio na tarehe ya kukoma usitiwe sahihi, kwani paromomaisini itakaporudi ghalani, wodi itaendelea kuwachoma watoto sindano za siku 30 kwa amri ambayo hakuna aliyeiondoa ukutani.