Koti la kwanza la baridi: uangalie nini mbele ya kulipa

Mtu mwenye kutoka Goma ao Uvira akifika Winnipeg, kule Kanada, mwezi wa kwanza, anaweza kukuta baridi ya digri 20 chini ya sifuri. Koti litamsaidia zaidi pale anangojea bisi, amesimama kwenye upepo.

Kwa hiyo lifike karibu na magoti, juu koti fupi linaacha mapaja kwenye baridi. Ndani, manyoya ya bata ni mepesi na yanatunza joto sana, lakini yakilowa yanashikana na joto linapotea. Nyuzi za plastiki ni nzito kidogo, ila bei yake iko chini na zikilowa bado zinasaidia.

Kapishoni iwe na kamba ya kukaza. Ivae dukani, geuza kichwa: kama haikufuati, hautaona gari.

Feza ikiwa kidogo, koti refu la mitumba ni bora kuliko fupi jipya. Lijaribu juu ya triko, funga zipu yote, halafu finya mabega. Ukisikia kitambaa kitupu, ya ndani imeshuka chini, liache.