Wasia, Eda na Hesabu ya Aya Zilizofutwa

Katika misikiti ya Garissa, Wajir na Mandera, darsa ya tafsiri kwa desturi huendeshwa kwa kitabu cha Jalalaini. Sheikh husoma kipande cha Kiarabu, akakifasiri kwa Kisomali, akaendelea na kipande kinachofuata. Darsa ikifika nusu ya pili ya Sura ya Al-Baqara, mwanafunzi husikia jambo la kumshtua: aya ya 240 inamwachia mjane matunzo ya mwaka mzima bila kutolewa nyumbani, kisha kitabu kinasema kungoja mwaka huo kumefutwa na aya ya 234. Yaani aya iliyotangulia kusomwa ndiyo iliyoifuta inayokuja baada yake.

Mshangao huo si mgeni. Bukhari amepokea kwamba Abdullahi bin Zubeir alimuuliza Khalifa Uthman kwa nini aya ya 240 iliandikwa katika msahafu ilhali hukumu yake imeondolewa. Uthman alimjibu kama mtu anavyomjibu mtoto wa nduguye: yeye habadilishi kitu chochote mahali pake. Jibu hilo fupi limebeba mengi. Mpangilio wa msahafu si mpangilio wa kushuka, na hukumu inaweza kuondoka huku maneno yakibaki yanasomwa katika swala.

Basi ya mwisho kushuka inajulikanaje? Wanazuoni wa fani ya nasikhi na mansukhi hawakubali ukale wa aya kwa kukisia. Hutaka kauli ya wazi ya Mtume (s.a.w.), au ya Sahaba aliyeshuhudia, au tarehe inayojulikana. Juu ya hayo, lazima aya mbili zigongane kweli katika amri au katazo, kiasi kwamba haziwezi kutekelezwa pamoja. Habari za Manabii na ahadi za Akhera hazifutwi, kwa kuwa habari ikifutwa ingekuwa uongo. Suala la mjane lina ushahidi mzuri. Ipo hadithi ya mwanamke aliyekuja kuomba ruhusa bintiye mfiwa apakwe wanja kwa maradhi ya macho. Mtume alikataa, akasema sasa ni miezi minne na siku kumi tu, na zama za ujahili walikuwa wakikaa mwaka. Hiyo miezi minne na siku kumi ndiyo eda ya mfiwa inayoshikwa Garissa hadi leo.

Hata hivyo, Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, hakuona mgongano wowote, na kauli yake imo humo humo katika Bukhari. Kwake, miezi minne na siku kumi ni faradhi; miezi saba na siku ishirini inayobaki kukamilisha mwaka ni haki ya mjane akitaka kuitumia, na akitoka hana dhambi. Aya zote mbili zinafanya kazi. Tofauti kati ya Mujahid na wengi wa wanazuoni haiko katika Kiarabu wala katika imani. Iko katika swali moja: je, umejitahidi vya kutosha kuzipatanisha kabla ya kusema moja imefutwa?

Hapo ndipo hesabu zinapoachana. Ibn Salama, aliyefariki mwaka 1020, alikusanya aya zilizofutwa zaidi ya 200. Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, alibaki na takriban 20, akazitungia shairi zihifadhike kwa urahisi. Shah Waliyullah wa Delhi, aliyefariki mwaka 1762, alizipitia zile za Suyuti moja moja, akabaki na tano. Na Abu Muslim wa Isfahani, kabla yao wote, alikataa kabisa kwamba ndani ya Kurani kuna aya iliyofutwa.

Sehemu kubwa ya zile 200 inatokana na mambo mawili. Watu wa mwanzo walitaja kufutwa hata pale aya moja ilipoiwekea nyingine sharti au kuitoa katika ujumla wake. Waliokuja baadaye walihesabu hayo yote kana kwamba ni kufutwa kamili. La pili ni aya ya tano ya Sura ya At-Tawba, maarufu kama aya ya upanga. Ibn Salama na wenzake waliihesabia kwamba imefuta aya zaidi ya mia moja za kusamehe, kusubiri na kuwaacha watu na dini yao. Suyuti, katika kitabu chake cha Itqan, aliona hilo ni udhaifu. Aya za subira, alieleza, hazikufutwa. Ni amri zinazofungamana na hali, na hali ikirudi nazo zinarudi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya orodha ikaporomoka kwa hoja moja.

Lakini Jalalaini yenyewe, iliyoanzwa na Mahalli na kukamilishwa na Suyuti akiwa bado kijana, mara kwa mara inaandika pembeni ya aya kama hizo kwamba zilikuwa kabla ya amri ya vita. Mwanafunzi anayeishia na Jalalaini bila kufika Itqan atatoka na orodha ndefu kuliko aliyoikubali Suyuti mwenyewe. Naona hili si jambo dogo katika mji ambao tarehe 2 Aprili 2015 ulishuhudia roho 148 zikipotea katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa. Mtu anayedai kwamba aya za amani zimekwisha kazi anaegemea rai moja iliyopingwa vitabuni kwa karne nyingi, na sheikh wa darsa ana haki ya kumwonyesha kurasa.

Turudi kwenye mali, maana huko ndiko kufutwa kunakoonekana kwa macho. Aya ya 180 ya Al-Baqara inamwamuru anayefikiwa na mauti awausie wazazi wawili na jamaa. Aya za 11 na 12 za An-Nisaa zikaja na mafungu ya mirathi. Tuseme mzee wa Garissa amefariki na ngamia 24, akaacha mke, mama, baba, wana wa kiume sita na binti mmoja. Mke anachukua thumni, yaani 3. Mama sudusi, 4. Baba naye 4. Zinabaki 13: kila mwana wa kiume 2, binti 1. Iwapo mzee alikuwa ameusia ngamia watano zaidi wapewe mamake, wasia huo hausimami mpaka warithi wengine waridhie, kwa sababu mama tayari ni mrithi.

Ni kipi kilichoifuta aya ya wasia? Wengi nje ya madhehebu ya Shafi hutaja hadithi isemayo mrithi hausiwi. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo ya Wasomali wengi, hakubali Sunna kuifuta Kurani. Kurani, kwake, hufutwa na Kurani tu. Kwa hiyo aliisoma hadithi hiyo, iliyosemwa mwaka wa kufunguliwa Makka, kuwa ni dalili inayobainisha kwamba aya za mirathi ndizo zilizofuta. Matokeo ni yale yale, ila njia ni nyingine, na ndiyo maana hata wanaokubaliana juu ya aya hawakubaliani juu ya mfutaji.

Kuna waliopinga zaidi ya hapo. Tabari na Ibn Hazm walisema aya ya 180 imeondoka kwa warithi tu. Kwa jamaa asiyerithi wasia bado ni wajibu. Chukua yatima ambaye babake alifariki kabla ya babu. Katika hesabu yetu, ami zake wako hai, kwa hiyo hapati ngamia hata mmoja. Misri, kwa Sheria ya Wasia namba 71 ya 1946, iliifufua rai hiyo: mjukuu wa namna hii hupewa fungu la mzazi wake kama wasia wa lazima, bila kuzidi theluthi ya mali. Kenya haina kifungu kama hicho. Waislamu waliondolewa chini ya Sheria ya Urithi mwaka 1990, na Katiba ya 2010 inaiachia mahakama ya kadhi suala la mirathi pale pande zote zikiwa za Waislamu na zikikubali kwenda kwake. Babu wa Garissa anayemhofia mjukuu huyo ana njia iliyo wazi katika kila madhehebu: aandike wasia mwenyewe akiwa hai, mbele ya mashahidi, usiozidi theluthi. Kwa ngamia 24, hao ni 8.