Jengo Ambalo Halijajengwa, Ndani ya Picha ya Mtaa Uliopo

Wasee, ile picha kubwa inayobandikwa kwenye mabati ya mjengo, jengo likiwa limekamilika, mtaa ukiwa msafi na mbingu ya bluu, si uvumbuzi wa kompyuta. Ujanja huo una zaidi ya miaka mia moja. Na nikisema ukweli, waliouanza walikuwa wazi zaidi kuhusu walichokuwa wanafanya kuliko wengi wetu tunaouendeleza sai.

Turudi Berlin, mwaka wa 1921. Kulikuwa na mashindano ya kubuni jengo refu la ofisi kwenye kiwanja cha pembetatu kando ya stesheni ya Friedrichstrasse, upande mmoja mto Spree. Mies van der Rohe, msanifu ambaye hakuwa bado na jina kubwa, alipeleka mnara wa ghorofa ishirini uliofunikwa kwa kioo kutoka chini hadi juu. Wakati huo hakuna mtu alikuwa amejenga kitu kama hicho. Sasa utamwonyesha vipi jaji kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona? Mies alichukua picha halisi za mtaa, zikakuzwa, kisha mnara wake ukachorwa ndani. Ukiitazama leo unaona majengo ya mawe ya jirani yakiwa meusi, barabara imechoka, halafu katikati unainuka mnara mweupe kama barafu.

Angalia hiyo tofauti ya mwanga vizuri. Majirani wako gizani na mnara unang'aa, ilhali wote wako chini ya jua moja. Kwa kipimo cha leo hilo ni kosa. Lakini Mies hakuwa anajaribu kumdanganya mtu kwamba hii ni picha ya kitu kilichopo. Alikuwa anabishana na mtaa: oneni jinsi majengo yenu ni mazito. Zawadi hakupata. Picha ndiyo ilibaki, na leo iko kwenye karibu kila kitabu cha historia ya usanifu wa kisasa.

Shida inaanza picha ikiacha kuwa hoja na kuwa ushahidi. Mkazi wa ploti jirani anaulizwa kama anapinga ghorofa inayokuja, na kitu cha pekee anachopewa ni picha. Hapo sasa lazima hesabu iwe sawa. Uingereza walilichukulia hilo kwa uzito, na mwongozo wa Landscape Institute wa 2019 unaeleza kazi yenyewe kwa undani: lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili, na kwa picha za daraja la juu kabisa, mpima ardhi anapima mahali kamera ilisimama, pamoja na alama zinazoonekana pichani, kama kona ya ukuta au nguzo ya taa. Kamera ya ndani ya kompyuta inawekwa pale pale. Alama zile zikigongana na zile za picha, jengo linaingia bila kubahatisha.

Huku kwetu mpima huyo mara nyingi hayupo. Lakini kuna njia ya kukagua picha yoyote ya hivyo kwa rula tu, na inategemea kitu ambacho wachoraji walikijua karne nyingi kabla ya kamera.

Tuseme ardhi ni tambarare na kamera ilishikwa mita 1.5 kutoka chini. Mstari wa upeo wa macho utapita kwenye kila kitu pichani kwa kimo kile kile, mita 1.5, kiwe karibu au mbali. Watu wazima wote waliosimama barabarani, mstari utawakata karibu na kidevu au mabega. Sasa chukua jengo la ghorofa kumi, mita 30. Thelathini gawanya kwa moja na nusu ni ishirini. Pima pichani kutoka pale jengo linapogusa ardhi hadi kwenye mstari wa upeo. Ukipata nusu sentimita, basi paa, kwenye kona hiyo hiyo, linafaa kuwa sentimita kumi kutoka chini. Likiwa sentimita saba, mtu amelipunguza jengo ili majirani wasishtuke. Hii haifanyi kazi kwenye mteremko, ama kama kamera iliinamishwa kuangalia juu, maana kuta zilizosimama zitaanza kuegemeana pichani. Kwa barabara nyingi za Nairobi zilizo tambarare inatosha kabisa.

Jua ndilo linanikera zaidi, manze. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana liko kaskazini yetu, na Desemba liko kusini. Kumaanisha kivuli kinageuka upande kulingana na mwezi! Mnamo tarehe 21 Juni jua linafika kilele karibu saa sita na nusu, nyuzi kama 65 juu ya upeo, na jengo letu la mita 30 linatupa kivuli cha karibu mita 14 kuelekea kusini. Desemba, kivuli cha mita 12 hivi kinaelekea kaskazini. Mtu aliyejifunza kwa mifano ya Ulaya, ambako jua la mchana huwa kusini siku zote, atachukua picha ya Juni na kuweka kivuli upande wa kaskazini. Nguzo ya stima pale mbele inatupa kivuli huku, jengo linatupa kule. Macho yako yatasema kuna kitu si sawa hata kabla hujajua ni nini. Dawa ni rahisi: andika tarehe, saa na mwelekeo siku ya kupiga picha.

Halafu kuna miguu ya jengo. Hapa ndipo picha nyingi hufa. Ukuta ukigusa ardhi, pale kwenye mshono mwanga wa mbingu hauingii vizuri, kwa hivyo kuna utepe mwembamba wa giza, hata siku ya mawingu ambapo hakuna kivuli cha jua. Ukiukosa, jengo linaelea. Na vitu vilivyo mbele ya jengo lazima vibaki mbele: nyaya, kibanda cha mama mboga, matawi ya mjakaranda. Kuchora ukingo wa kila tawi ni kazi ya masaa, ndiyo maana wengi wanafuta mti wote. Kibanda nacho kinafutwa, na hapo si uvivu tena. Mama huyo ameondolewa mtaani kabla kanjo hajafika.

Kuhusu kioo, Mies mwenyewe aliandika mwaka wa 1922 kwamba alipojaribu mifano midogo ya kioo aligundua kinachohesabika ni mchezo wa miale inayorudi, si mwanga na kivuli kama kwenye majengo ya kawaida. Ukweli huo ungali unatuchapa. Jengo la vioo linaonyesha kilicho upande wa pili wa barabara, yaani kilicho nyuma ya mpiga picha. Kwa hivyo ukimaliza kupiga kiwanja, geuka na upige pia nyuma yako. Kama kuna karakana na matangi ya maji pale, vioo vitaonyesha karakana na matangi ya maji. Siku ile nilipomwonyesha mteja mmoja picha ya hivyo, aliniuliza kama naweza kuweka tu mawingu.