Beta na mkengeuko sanifu wa hisa mbili

Maswali ya mitihani kuhusu kapu la uwekezaji hupima hatari kwa njia mbili. Mkengeuko sanifu hupima mtikisiko wote wa faida. Beta hupima ule tu unaofuata soko zima. Njia ya kwanza ilijengwa na Harry Markowitz mwaka 1952, ya pili na William Sharpe mwaka 1964.

Tuseme asilimia 60 ya fedha iko katika hisa A, yenye beta 0.8 na mkengeuko wa asilimia 20, na 40 katika hisa B, yenye beta 1.4 na mkengeuko wa asilimia 30. Beta hujumlishwa kwa uzito: 0.6 × 0.8 + 0.4 × 1.4 = 1.04. Ikiwa dhamana za serikali zinalipa asilimia 8 na soko linatarajiwa kutoa 14, faida inayotarajiwa ni 8 + 1.04 × (14 − 8) = asilimia 14.24. Wengi huzidisha beta kwa 14 yote, wakasahau kutoa 8.

Mkengeuko haujumlishwi hivyo. Uhusiano wa hisa hizi ukiwa 0.25:

0.6² × 0.2² + 0.4² × 0.3² + 2 × 0.6 × 0.4 × 0.25 × 0.2 × 0.3 = 0.036

Kipeuo chake cha pili ni karibu 0.19, yaani asilimia 19: chini hata ya hisa A peke yake. Ukipata 24, umechukua wastani wa kawaida, na wastani huo ni sahihi pale tu uhusiano unapokuwa 1.