Fonti Iliyoitika

Orodha ya istilahi za kompyuta iliyogawiwa kwenye mafunzo ya utengenezaji wa tovuti mjini Voi inasema kwamba maneno Rendered Fonts, yanayosomeka ndani ya kivinjari cha Chrome, kwa Kiswahili ni "fonti zilizotafsiriwa". Siwezi kulinyamazia hilo. Fonti haitafsiriwi. Kinachotafsiriwa ni matini, nayo hutoka lugha moja ikaingia nyingine; herufi V ya Voi itabaki V hata ikivishwa umbo gani. Walioandika orodha walifungua kamusi, wakakuta kitenzi kile cha Kiingereza kina maana ya kutafsiri pia, wakachukua maana ya kwanza waliyoiona. Vijana waliotoka Mwatate na Wundanyi kuja kujifunza wamerudi makwao na neno linaloficha jambo lenyewe walilofundishwa.

Neno ninalolitetea ni fonti iliyoitika. Mwenzake ni fonti iliyoitwa. Nitaeleza kwa nini mawili haya hayaachani.

Mtengenezaji wa tovuti haamuru fonti moja. Huandika orodha ya majina kwa mpangilio, na kivinjari huyaita moja baada ya jingine, kama mwalimu aliye na daftari la mahudhurio. Jina la kwanza lisipokuwa na mwenyewe, huitwa la pili. Fungua kwenye kompyuta ukurasa wa Voi katika Wikipedia ya Kiswahili, ubofye kulia juu ya kichwa cha makala, uchague Inspect. Upande wa mitindo utaona orodha inayoanza hivi:

```
font-family: 'Linux Libertine', 'Georgia', 'Times'
```

Mwanafunzi aliyefundishwa haraka huandika kwenye daftari lake kwamba Wikipedia hutumia Linux Libertine, akafunga. Hapo amenakili jina lililoitwa tu. Linux Libertine ni fonti huria ambayo kompyuta nyingi za Windows hazina, na Wikipedia haiipeleki kwa msomaji. Inaitwa, haiitiki. Basi ingia kwenye kichupo cha Computed. Mstari wa font-family ulio humo nao utakurudishia orodha ile ile nzima, na hapo ndipo wengi wanapotegwa, maana kichupo hicho kinajionyesha kuwa neno la mwisho. Shuka mpaka chini kabisa, penye Rendered Fonts. Kwenye Windows utakuta Georgia, fonti aliyoichora Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft, na pembeni yake Local file, yaani imetoka ndani ya mashine hiyo hiyo, na 3 glyphs: V, o, i. Herufi tatu zimehesabiwa. Hiyo ndiyo iliyoitika. Kwenye kompyuta ya Linux isiyo na Georgia itaitika nyingine kabisa, na wasomaji wote wawili watakuwa wamesoma kweli.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Ita, itika, itikia. Anayejua kanuni za unyambulishaji atasema kiambishi -ik- huonyesha hali au uwezekano: vunja huzaa vunjika, soma huzaa someka. Kwa kanuni hiyo itika ingekuwa "kuweza kuitwa". Lakini hakuna Mswahili anayeitumia hivyo. Itika ni kujibu mwito. Mtoto wa kike pwani akiitwa huitika abee, na wa kiume naam. Umbo hili ni kongwe, nalo si la Kiswahili peke yake: Wakikuyu wana gwĩtĩkia, kuamini, na wĩtĩkio, imani. Kutoka itikia sisi tumepata kiitikio cha wimbo na mwitikio wa watu. Familia yote hii inashikilia wazo moja, kwamba kuna aliyeita na kuna aliyejitokeza. Hilo ndilo linalotokea baina ya kivinjari na fonti, wala si mfano wa kupamba maneno.

Niliwaandikia wenye orodha nikapendekeza itika. Nilijibiwa kwamba neno ni la kawaida mno, halina sura ya istilahi. Jibu hilo limenikera na bado linanikera. Istilahi inayoeleweka na mtu wa stendi ya Voi bila kufafanuliwa imekosa nini? Watu hao hao wamepitisha "fonti ya kuangukia" kwa ile inayotumika ya kwanza isipopatikana. Kuangukia ni kuanguka juu ya kitu, au kumwangukia mtu miguuni kuomba radhi. Fonti haimwombi mtu radhi. Ni jina linalofuata kwenye orodha, na Kiswahili kinatosha kusema hivyo.

Yuko pia mwenzangu mmoja wa taaluma hii anayedai kwamba "fonti halisi" yatosha. Haitoshi, na sababu ni kwamba kuitika hufanyika kwa kila herufi peke yake. Chukua neno mũndũ, linaloandikwa hivyo kwa Kikamba na kwa Kikuyu, lugha ambazo tovuti nyingi za huku kwetu zinazihitaji. Herufi ũ haimo katika seti ya msingi ya Kilatini inayokatwa kwenye faili nyingi za fonti za mtandaoni. Imo katika faili ya nyongeza, ambayo kwa kawaida huitwa latin-ext. Mtengenezaji akipakia ile ya msingi tu, fonti yake itaziitikia m, n na d, na kwa ũ mbili kivinjari kitaendelea kuita mpaka apatikane mwenye herufi hiyo. Kwa macho utaona ũ iliyo nene kidogo, au iliyopanda juu ya mstari. Chini ya Computed utasoma fonti mbili: ya kwanza ikiwa na Network resource, yaani imeletwa na tovuti, na 3 glyphs, ya pili ikiwa na Local file na 2 glyphs. Sasa ipi kati ya hizo ndiyo "halisi"? Zote mbili zimeitika. Tiba ni kuongeza faili ya latin-ext, kisha kusoma hesabu upya: fonti ya tovuti ionyeshe 5, na ile nyingine itoweke.

Hata jina lililoitwa laweza kuwa la kubandikwa. Mtengenezaji ana ruhusa ya kuandika:

```
@font-face {
  font-family: "Mwatate";
  src: url(a.woff2);
}
```

na ndani ya a.woff2 mkawa na fonti yoyote ile. Orodha ya mitindo itasema Mwatate; Rendered Fonts itasoma jina lililohifadhiwa ndani ya faili, isipokuwa kama mwenye faili amelifuta au amelibadilisha.

Kwa matumizi ya kila siku haya yanatosha: bofya kulia juu ya neno lenyewe, si juu ya kisanduku kikubwa kinachozunguka ukurasa, maana hapo sehemu hiyo yaweza isionekane kabisa. Anayetumia Firefox atafute kichupo cha Fonts. Simu haina zana hizi ndani yake, kwa hiyo nenda kwenye kompyuta.

Mafundi wa mabango wanaotakiwa walinganishe bango na tovuti ya mteja wanapoteza turubai kwa sababu wananakili jina la kwanza la orodha. Wakiambiwa "tafuta iliyoitika", hawatauliza mara mbili. Wenye orodha ile ya Voi na wafute "zilizotafsiriwa" na "ya kuangukia" kabla hawajaigawa tena.