Mama mwenye mimba ku kazi ya usiku: miguu iliyovimba inasema nini?

Kwa Butembo na Beni kuna wamama wengi wanaofanya kazi wakisimama: muuguzi ku gardi, mupishi wa malewa, mwenye kuuza dukani. Kwa wale wa usiku, mambo ya usalama yanazidisha uzito. Hata kama kazi imepunguka katikati ya usiku, huwezi kurudi nyumbani, unangoja kuche.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa kituo cha afya, mimba ya miezi saba. Anaingia saa kumi na mbili ya jioni na kutoka saa kumi na mbili ya asubuhi. Akifika nyumbani, viatu vinakataa kutoka, miguu imevimba. Anajiuliza: ni uchovu ao ni ugonjwa?

Damu inashuka miguuni kirahisi, lakini kupanda inahitaji musaada wa misuli ya nyuma ya miguu, yenye kuisukuma tunapotembea. Ukisimama bila kujongea, misuli hiyo haifanyi kazi. Tena mimba kubwa inabana mishipa yenye kurudisha damu kwenye moyo. Basi maji ya damu yanatoka ndani ya mishipa na kujaa ku vifundo vya miguu. Kuvimba kwa namna hiyo kunapunguka ukilala.

Wengi wanakosea hapa. Kwa kawaida tunamwambia mama: ukiamka asubuhi miguu ikiwa imeshuka, hakuna shida. Lakini kwa mwenye gardi, asubuhi njo mwisho wa kazi. Yeye asiangalie miguu akitoka kazini, aiangalie akiamka, hata kama ni saa nane ya muchana. Alale kwa ubavu, vizuri ule wa kushoto, na aweke muto chini ya miguu. Akiamka miguu imeshuka, ilikuwa ya kusimama. Isiposhuka, ao kama uso na mikono nayo imevimba, apimwe tansio siku ile ile.

Tansio ikifika 140 kwa 90 ao kupita, inaomba muganga, hata kama mama anajisikia muzima. Kichwa kuuma sana bila kutulia, macho kuona kama ukungu ao nyota, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu: hizo ni dalili za ugonjwa wa tansio ya mimba, unaoweza kuleta degedege. Usingoje CPN ya mwezi ujao. Na mguu mumoja tu ukivimba, unauma na kuwa na moto, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Hapo pia ni hospitali mara moja.

Ku kazi yenyewe, kila saa tafuta dakika kumi za kukaa, miguu juu ya kiti ao sanduku. Kama lazima usimame, weka mguu mumoja juu ya tofali, kisha badilisha. Inua visigino na kuvishusha mara nyingi. Na kuna jambo ambalo wamama wanaficha: hawakunywi maji sababu choo iko mbali ao giza ni nyingi. Mkojo wa kubanwa kila usiku unaweza kuleta infeksio, na infeksio hiyo inaweza kuamsha uchungu mbele ya wakati. Ukichomwa wakati wa kukojoa, sema ku CPN. Afazali kwenda na mwenzako mwenye tochi kuliko kukaa na kiu mpaka asubuhi.

Kuhusu usiku wenyewe, watafiti wa Denmark walitoa mwaka 2019 uchunguzi juu ya wanawake wengi wafanyakazi. Wale waliofanya gardi mbili ao zaidi katika juma moja walikuwa na hatari zaidi ya mimba kutoka juma lililofuata, kisha juma la nane la mimba. Haimaanishi kwamba gardi moja inaharibu mimba. Lakini ni sababu nzuri ya kuomba gardi moja kwa juma, na si tatu mfululizo.

Namna gani kuomba? Ukiwa na mukataba, pitia kwa muganga kwanza, akuandikie karatasi. Sheria ya Kazi ya Kongo inaruhusu mama mwenye mimba kusimamisha kazi kama kuendelea kunaleta hatari kwake ao kwa mtoto, na patroni hawezi kufanya hiyo kuwa sababu ya kuvunja mukataba. Kifungu cha 130 cha sheria hiyo kinatoa majuma 14 ya mapumziko ya uzazi, sita mbele ya kuzaa na nane kisha. Mwenye kuuza bila mukataba hana karatasi ya kumulinda. Kwake, mapatano ni na mwenzake wa meza ya jirani: wewe unachunga bidhaa zangu nikikaa, nami nachunga zako. Kwa soko, nimeona hiyo ikienda vizuri kuliko kumubembeleza bwana duka.