Mantiki ya dhumna

Mantiki ya dhumna ni namna ya kuunda saketi za hesabu na uamuzi ndani ya vipande vya silikoni, ambamo jibu la kila lango halishikiliwi na njia ya umeme iliyo wazi daima, bali huwekwa amana kwa muda mfupi katika chaji ndogo iliyomo kwenye nodi moja. Iliarifiwa mwaka 1982 na wahandisi watatu wa Maabara za Bell huko Marekani, Krambeck, Lee na Law, nayo ilitumika katika kichakata cha BELLMAC-32A cha maabara hizo. Makusudi yalikuwa ni kasi: katika lango la kawaida kila ingizo hulazimika kuendesha transista mbili, moja ya aina n na moja ya aina p, na ile ya aina p aghalabu ndiyo pana na nzito zaidi, ilhali katika lango la dhumna ingizo huendesha ile ya aina n peke yake.

Kazi ya lango hili imegawanyika katika awamu mbili zinazotawaliwa na ishara ya saa. Saa ikiwa chini, transista moja ya aina p hufunguka na kuijaza nodi ya lango hata ifikie volti kamili ya umeme, na wakati huohuo transista ya aina n iliyo chini kabisa, iitwayo ya mguu, huwa imefungwa, ili chaji isipate pa kumwagikia. Hii ndiyo awamu ya kujaza. Saa ipandapo, ile ya kujaza hufungwa na ile ya mguu hufunguka, na hapo huanza awamu ya kutathmini: iwapo maingizo yamefungua njia kutoka kwenye nodi hadi ardhini, chaji hutoka na nodi hushuka, iwapo njia haikupatikana, nodi hubaki juu, haikushikwa na kitu chochote isipokuwa chaji iliyoachiwa.

Baada ya nodi huwekwa kigeuzi cha kawaida, na kigeuzi hicho si pambo. Nodi ikishamwaga chaji yake haiwezi kuirejesha mpaka awamu ya kujaza irudi, kwa hiyo ni sharti maingizo yote yawe chini tathmini inapoanza, na yaruhusiwe kupanda tu, yasishuke. Kigeuzi huhakikisha sharti hilo, maadam nodi zote zilizojazwa hutoa towe la chini. Kisha lango la kwanza likipanda huliangusha la pili, na la pili la tatu, mithili ya vipande vya dhumna vilivyosimamishwa kwa safu, vyote kwa mpigo mmoja wa saa. Gharama yake ni kwamba mantiki hii haiwezi kukanusha, na mbunifu hana budi kuzipeleka kanusho mwanzoni au mwishoni mwa mnyororo.

Ila kubwa ya mpango huu ni mgawanyo wa chaji, na ili tuielewe vema, natuchukue lango la NA lenye maingizo matatu, A, B na C, yaliyopangwa wima, A ikiwa juu karibu na nodi na C ikiwa chini karibu na mguu. Tuseme umeme ni volti 2.5, nodi ina uwezo wa kubeba chaji wa femtofaradi 50, na viungo viwili vya ndani, kimoja baina ya A na B na kingine baina ya B na C, vina femtofaradi 15 kila kimoja. Viungo hivyo havikutakwa na mtu. Ni vipande vya silikoni vinavyounganisha transista, na kila silikoni hubeba chaji kidogo, itakiwe isitakiwe.

Katika mpigo wa kwanza maingizo yote matatu yalikuwa juu, lango likajibu ndiyo, na nodi pamoja na viungo vyote vikamwaga chaji yao ardhini. Ikaja awamu ya kujaza: nodi ilijazwa upya, lakini kwa kuwa maingizo yote yalikuwa yameshuka, viungo vya ndani vilikatiliwa na kubaki vitupu. Katika mpigo wa pili A na B zikapanda, C ikabaki chini. Jibu lililo sahihi ni hapana, na njia ya kufika ardhini haipo. Hata hivyo A na B zimeifungulia nodi mlango wa viungo vitupu, na chaji iliyokuwa ya mmoja sasa ni ya watatu:

```
V = 2.5 × 50 / (50 + 15 + 15) = 1.56
```

Kigeuzi cha dhumna, ili kiwe chepesi wa kupanda, hupewa transista ya aina p iliyo pana, na kwa sababu hiyo mpaka wake wa kugeuka husogezwa juu. Tuseme uko kwenye volti 1.6. Nodi imeshuka chini ya mpaka huo, towe likapanda pasipo haki, na lango linalofuata likamwaga chaji yake kwa habari ya uongo.

Kinachoitambulisha ila hii ni kwamba inategemea yaliyopita. Kasoro ya ucheleweshaji huondoka saa ikipunguzwa mwendo, na kasoro ya uvujaji huondoka saa ikiharakishwa, lakini mgawanyo wa chaji haujali kabisa urefu wa mpigo. Tena, lango letu likiulizwa swali lilelile katika mpigo wa tatu, hujibu sawasawa, kwani viungo sasa vimekwisha pata volti 1.56 na havidai tena kiasi kile. Nodi hutua karibu na volti 2.24. Mpimaji anayerudia swali moja mara nyingi bila kutanguliza lile la kumwaga chaji yamkini ataliona kosa mara moja tu, kisha atalidhania kuwa ni kelele.

Dawa ya kwanza ni transista mlinzi, ya aina p iliyo dhaifu, inayoongozwa na towe lenyewe na kuilisha nodi maadam towe liko chini. Inatosha sana kwa uvujaji, ambao ni wa polepole, lakini kwa mgawanyo wa chaji nionavyo mimi imesifiwa kupita kiasi: chaji hugawanyika upesi kuliko mlinzi awezavyo kuifidia, na towe likishapanda humfunga mlinzi huyo papo hapo alipohitajiwa zaidi. Akiongezwa nguvu, atapigana na lango kila linapotaka kushuka kwa haki, na kasi iliyotafutwa itapotea.

Dawa iliyo madhubuti zaidi ni kuvijaza viungo vya ndani pia, kwa transista zao za aina p zinazoongozwa na saa ileile. Wala si lazima vyote. Katika mfano wetu, kiungo cha juu peke yake kikijazwa, cha chini hupanda hadi volti 2.0 na kukoma hapo, kwa sababu transista ya aina n yenye mpaka wa volti 0.5 haiwezi kupitisha zaidi ya hapo. Nodi hubaki na volti 2.05, na transista ya aina p ya kigeuzi, ikiwa na mpaka uleule wa 0.5, haijaanza hata kupitisha umeme. Malipo yake ni mzigo ulioongezwa kwenye waya wa saa, na ile chaji ya femtofaradi 15 ambayo nayo itabidi imwagwe kila lango linapojibu ndiyo.